YouTube inasoma 61,300, bosi anasoma 27,900, na klipu ni hiyohiyo moja. Nani yuko sahihi?

Fundi_Klipu
Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaninyima usingizi hapa Sinza, naomba wenye kulijua mnisaidie kabla sijaenda kugombana na mtu.

Mwanzoni mwa Machi 2025 nilikubaliana na bosi mmoja mwenye duka la mapazia Kariakoo. Nimrekodie klipu ya sekunde 42, niiweke kama Shorts kwenye chaneli ya duka lake, na ikifikisha Views 50,000 ndani ya mwezi mmoja ananipa laki nne. Isipofika, naambulia nauli na hela ya kula. Tuliandika nyuma ya karatasi ya risiti, tukasaini wote wawili. Klipu niliipandisha tarehe 7 Aprili. Mwezi ulipotimia ikawa inasoma 61,300. Nikapiga skrinishoti, nikamtumia, nikaanza kupanga matumizi.

Kumbe mpwa wake ndiye anayeshika akaunti ya chaneli. Kijana kaingia YouTube Studio kwa kompyuta, kachimba huko ndani, katoka na namba nyingine kabisa: 27,900. Bosi ananiambia nilitaka kumpiga. Klipu moja, chaneli moja, siku ileile. Video inawezaje kuwa imetazamwa mara 61,300 na papo hapo iwe imetazamwa mara 27,900? Na hasa, mtu akiangalia sekunde ngapi ndiyo anahesabiwa?

Klipu hiyohiyo ipo pia TikTok ya duka, huko inasoma 88,000 na ushee. Hiyo haimo kwenye makubaliano, lakini imezidi kunivuruga.

Mbagala_RangiTatu
Mkuu hili mbona liko wazi. Ni sekunde 30. Mtu akikata kabla ya sekunde 30 huyo hahesabiwi, ndiyo maana imeshuka hadi 27,900. Hao wengine walipita tu. Nilishaambiwa na jamaa mwenye chaneli kubwa, na hata nyimbo Spotify ni sekunde 30 hizohizo.

MzeeWaKimara
Vijana, mimi naweka status WhatsApp za kuku wangu wa kienyeji. Inasema wametazama 84 lakini wateja wananiambia wameona, na majina yao kwenye orodha siyaoni. Je, hawa nao hawakufikisha hizo sekunde?

Meneja_Singeli
Fundi pole. Ila na mimi niulize hapohapo, nina msanii wangu wa Manzese. Tuna simu sita geto, zote Wi-Fi moja, tunaucheza wimbo usiku kucha. Kaunta ilipanda hadi kama 900 halafu ikagoma, asubuhi ikarudi 640. YouTube wanaiba namba zetu au?

DadaWaHesabu
Nimefanya kazi ya kununua nafasi za matangazo ya mtandaoni kwa miaka kadhaa, hapa mjini, kwa hiyo huu ugomvi wa "yangu inasoma hivi, yako inasoma vile" nimeuamua mara nyingi. Nitaanza na Fundi, wengine mnivumilie.

Namba zote mbili ni za kweli na zote zimetoka YouTube. Hadi mwisho wa Machi 2025, Shorts ilikuwa inahesabu baada ya mtu kuitazama klipu kwa sekunde kadhaa. Ni ngapi hasa, YouTube hawakuwahi kuitangaza. Kuanzia tarehe 31 Machi 2025 wakabadilisha: sasa kila klipu inapoanza kucheza ni moja, na ikijirudia yenyewe ni moja nyingine, hakuna sekunde za chini kabisa. Hiyo ndiyo inayoandikwa `Views` na ndiyo wewe uliyoipigia skrinishoti. Hesabu ya zamani hawakuitupa, waliipa jina jipya, `Engaged views`, wakaiweka ndani zaidi, kwenye `Advanced mode` ya Analytics. Mpwa wa bosi ameichimba huko. Kijana yuko makini, mimi ningemwajiri.

Kwa hiyo kati ya mara 61,300 klipu ilipoanza kucheza, mara 27,900 ndizo mtu alibaki kwa muda ambao YouTube wenyewe wanauona kuwa wa maana. Zilizobaki 33,400 kidole kilipita, au klipu ilimaliza ikaanza upya mtu akaondoka.

Fundi_Klipu
Dada ubarikiwe sana. Basi nimeshinda. Karatasi imeandikwa Views, na kwenye simu pameandikwa Views 61,300. Kesho asubuhi niko dukani kwake.

MamaLao_Kkoo
Usiwahi hivyo mwanangu. Mimi nina fremu mitaa hiyohiyo, nauza vyombo, na nimeshalizwa na watu wa video mara mbili. Soma alichoandika dada. Mlisaini lini? Mwanzo wa Machi. Neno lilibadilika lini? Mwisho wa Machi. Siku bosi anatia sahihi, Views 50,000 ilikuwa na maana ya watu waliosimama wakaangalia. Ukikubaliana na mtu gunia la kilo 100, halafu mwezi wa pili mwenye mizani akasema sasa gunia ni kilo 45, utamletea la 45 useme "si gunia hili?"

Fundi_Klipu
Mama Lao hapo umenikata maini.

DadaWaHesabu
Nilikuwa naogopa kusema, mama kanisaidia. Ndiyo, siku mnasaini neno lilikuwa na maana ya upande wa bosi. Siku unapandisha lilikuwa na maana ya upande wako. Karatasi haisemi lolote kuhusu hilo. Mimi sijui mzee wa baraza angeamua vipi.

Mbagala_RangiTatu
Sawa lakini hizo sekunde kadhaa ni 30. Kwa nini mnazunguka?

DadaWaHesabu
Kaka wa Mbagala, 30 yako ina asili yake, sikukatalii yote. Inatoka kwenye matangazo. Yale ya YouTube yenye kitufe cha kuruka, mwenye tangazo alikuwa anatozwa mtu akifikisha sekunde 30, au akimaliza tangazo kama ni fupi kuliko hapo, au akibonyeza kwenda kwa muuzaji. Na Spotify ni kweli, wimbo unahesabiwa ukicheza sekunde 30. Watu wakachukua sheria ya bili ya tangazo wakaivisha video zote za YouTube. Kwa video ya kawaida ambayo siyo tangazo, YouTube hawajawahi kutangaza namba. Wanachosema ni kwamba lazima binadamu awe ameianzisha mwenyewe kwa nia ya kuitazama.

Jipime kwa hili: kuna Shorts za sekunde 12 zenye mamilioni. Kama sheria ni 30, hizo zingesoma sifuri hadi leo.

Mbagala_RangiTatu
Hapo kwenye sekunde 12 sikuwaza. Ila kwa ndefu bado nasimama na 30.

DadaWaHesabu
Simama tu, hakuna anayeweza kukuonyesha karatasi ya kukukanusha kwa ndefu. Wala wewe huna ya kunionyesha.

Sasa swali la Fundi la msingi, kwa nini kila mtandao una yake. Niwasimulie nilichokiona wiki iliyopita. Nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, tumebanana, mbele yangu kuna binti ameshika simu, nikitaka nisitake naiona. Kutoka Ubungo hadi Manzese tu, video 11 zilipita kwenye kioo chake. Saba kidole kiliziondoa hata kabla mtu hajafungua mdomo. Moja ilikaa kama sekunde mbili na nusu hivi. Mbili zilikaa kama sekunde tano hadi kumi. Moja, ya mtu anapika mihogo ya nazi, aliitazama yote, kama dakika nzima.

Haya, huyo binti ametazama video ngapi? Kwa sheria ya TikTok, ambayo inahesabu klipu ikianza tu, ametazama 11. Shorts ya sasa pia ingesema 11. Mwaka 2014 wapimaji wa matangazo wa Marekani, baraza linaloitwa MRC, waliweka kipimo chao: angalau nusu ya picha iwe kiooni kwa sekunde 2 mfululizo. Kwa hao ni 4. Facebook kwa miaka mingi ilitumia sekunde 3, kwa hao ni 3. Kwa kaka wa Mbagala ni 1. Binti ni mmoja na safari ni moja. Hapo hakuna aliyedanganya, kila mmoja ameuliza swali lake.

Na maswali yanatofautiana kwa sababu ya namna video inavyoanza. Zamani YouTube ulikuwa unatafuta, unachagua picha, unabonyeza, unasubiri izunguke, na bando linaliwa. Ukishabonyeza tayari umeamua. Hakukuwa na sababu kubwa ya kudai sekunde, kazi ilikuwa kuhakikisha aliyebonyeza ni mtu. Facebook walipoanza kuzichezesha video zenyewe katikati ya posti, kuanza kukawa hakuna maana, video inaanza hata ukiwa unatafuta picha za harusi ya binamu. Wakahitaji alama fulani ya kwamba kidole kimesimama. Sekunde 3 maana yake ni kwamba kidole kimetulia, haimaanishi mtu ameelewa unauza nini.

Fundi_Klipu
Hapo nimekupata. Lakini kama sekunde zinasaidia kuonyesha kidole kimesimama, kwa nini YouTube wamezitoa kwenye Shorts badala ya kuongeza?

DadaWaHesabu
Wao walieleza kwamba waundaji wa video walitaka kujua kazi zao zinaonekana mara ngapi, na kwamba inaendana na mitandao mingine. Mimi naongeza langu: mtu akiweka klipu moja TikTok na YouTube, TikTok ikasoma 88,000 na Shorts ikasoma 27,900, atasema YouTube imekufa ahamie kule. Kumbe mmoja anahesabu wapita njia na mwingine anahesabu walioingia dukani. YouTube wakaamua na wao wahesabu wapita njia. Instagram nao Agosti 2024 waliifanya Views kuwa kipimo kikuu cha kila kitu, hadi picha ya mnato ina Views siku hizi.

Ila angalia wapi hawakugusa: hela. Mgao wa matangazo ya Shorts, na zile Views milioni 10 ndani ya siku 90 za kuomba kuingia kwenye mpango wa malipo, vyote bado vinatumia `Engaged views`. Namba ya mbele imenona, namba inayotoa hela imebaki vilevile. Ukitaka kujua mtandao wenyewe unaamini kipimo gani, tazama unalipa kwa kipimo gani. TikTok ni hivyohivyo. Mbele anahesabu tangu klipu inaanza, lakini kwenye mpango wake wa kulipa, ambao kwetu Tanzania haujafika, video lazima izidi dakika moja na mtazamaji lazima avuke sekunde 5, tena mtu mmoja anahesabiwa mara moja kwa video.

MamaLao_Kkoo
Unaona? Wao wenyewe hawalipi kwa wapita njia, lakini mimi wa vyombo nilipe kwa wapita njia.

Fundi_Klipu
Mama, sikubishii lakini wapita njia nao wameliona bango la duka. Sekunde ya kwanza tu ya klipu ina jina la duka na namba ya simu, niliiweka makusudi. Bango la barabarani pale Morocco hapa Dar mtu analipia kwa wanaopita, halipii kwa waliosimama kulisoma.

MamaLao_Kkoo
Hilo la bango umelijenga vizuri. Mwambie hivyo bosi, mimi ningekuongeza kidogo.

Meneja_Singeli
Jamani na mimi? 900 hadi 640.

DadaWaHesabu
Meneja, swali lako nilikuwa nalikwepa kwa sababu jibu halitakufurahisha. Namba unayoiona kwanza ni ya muda, YouTube inakagua ndipo inathibitisha. Mtu kurudia wimbo anaoupenda mara kadhaa inakubalika, ni jambo la kibinadamu. Simu sita kwenye Wi-Fi moja zikicheza kitu kimoja usiku kucha bila mtu kugusa kioo, hiyo wanaifahamu toka zamani. Hawakuibii, walihesabu kwa muda, wakakagua, wakatoa. Hata wakubwa wanakaguliwa, sembuse Manzese.

Wazee wa mtandao mnakumbuka kaunta ya YouTube ilikuwa inakwama kwenye 301? Ni jambo hilohilo. Hadi 300 walikuwa wanahesabu haraka bila kuuliza, ikipita hapo wanasimamisha ili wakague. Ilitakiwa isimame 300, lakini aliyeandika programu aliweka alama ya "ndogo kuliko au sawa na":

```
views <= 300
```

Basi ikifika 300 bado sharti linatimia, inaruhusu moja zaidi, ndipo inakwama 301. Waliiondoa Agosti 2015. Siku hizi ukaguzi unafanyika kimyakimya, unauona pale namba inaposhuka asubuhi.

Meneja_Singeli
Kwa hiyo nikilipia tangazo la wimbo wenyewe, namba haitashuka?

DadaWaHesabu
Hiyo ni halali, mtu akitazama tangazo la kutosha inaingia kwenye kaunta ya wimbo. Lakini kama lengo lako ni kuingia kwenye chati za muziki za YouTube, tangu Septemba 2019 watazamaji waliotokana na matangazo hawahesabiwi kwenye chati. Kabla ya hapo wasanii wakubwa walikuwa wananunua saa 24 za kwanza. Ukitaka kujijua uko wapi, fungua Analytics, tazama watu wanatoka wapi. Mengi yakisoma `Direct or unknown`, na wastani wa muda ukawa uleule kila siku kama umekatwa kwa rula, hao ni simu zako sita.

Meneja_Singeli
Umeniona hadi chumbani.

BodabodaMsomi
Naingia kwa pembeni. Mimi sifanyi video, nabeba abiria Mwenge. Lakini kwa nini msitumie wastani wa muda? Mtandao wowote unakupa wastani wa sekunde alizotazama mtu. Wastani haudanganyi.

DadaWaHesabu
Wastani ndio umewahi kudanganya kuliko vyote, bwana Bodaboda, na kisa chenyewe kina jina na tarehe. Septemba 2016 Facebook walikiri kwamba kwa miaka miwili wastani wao wa muda wa kutazama ulikuwa umetiwa chumvi kwa asilimia 60 hadi 80. Hakuna sekunde waliyobuni. Walikosea wa kumgawia.

Chukua hesabu yangu ya mfano. Video imeanza kucheza kwa watu 1,000. Watu 400 wameondoka mapema, kila mmoja sekunde 1, jumla sekunde 400. Watu 600 wamebaki, kila mmoja wastani wa sekunde 14, jumla sekunde 8,400. Zote pamoja ni 8,800. Ukigawa kwa watu wote 1,000, wastani ni sekunde 8.8. Facebook walichukua sekunde za wote, lakini wakagawa kwa wale tu waliovuka sekunde 3, yaani 600. Inatoka karibu 14.7. Juu wamewahesabu wote, chini wamewahesabu wavumilivu peke yao. Tofauti hapo ni kama asilimia 67. Wenye matangazo walienda mahakamani Marekani, na mwaka 2019 Facebook wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi.

Kwa hiyo hata wastani umebebwa na swali lilelile la nani anahesabiwa kuwa ametazama. Ukimpata mtu anakuonyesha wastani, muulize amegawa kwa nini.

BodabodaMsomi
Ni kama mimi nichukue hela ya abiria wote wa leo nigawe kwa waliokwenda Mbezi tu, halafu nimwambie mke kila abiria ananilipa elfu sita.

DadaWaHesabu
Hiyo ndiyo yenyewe. Sijawahi kuielezea vizuri hivyo ofisini.

Fundi_Klipu
Nimefungua Studio na mpwa wa bosi kupitia simu, tumeelewana kidogo. Ananiambia jumla ya muda wa kutazamwa wa klipu ni saa 214. Hiyo inanisaidia?

DadaWaHesabu
Inasaidia kujua ukweli, sijui kama inasaidia mfuko. Saa 214 ni sekunde 770,400. Gawa kwa 61,300, kila klipu ilipoanza ilikaa wastani wa sekunde 12 na nusu. Gawa kwa 27,900, inakuwa sekunde 27 na nusu. Unaona mtego wa Facebook ulivyo rahisi? Ukienda kwa bosi ukasema "nimekuletea Views 61,300 na kila mtu ametazama sekunde 27", umechukua namba kubwa ya huku na namba kubwa ya kule. Usifanye hivyo.

Netflix wao tangu Juni 2023 wameamua kuruka ugomvi huu. Wanachukua saa zote zilizotazamwa wanagawa kwa urefu wa filamu. Ukiifanya hivyo yako, 770,400 kwa sekunde 42, inatoka kama 18,340. Yaani muda wote huo ungetosha klipu nzima kutazamwa mwanzo hadi mwisho mara 18,340.

Fundi_Klipu
Dada, naona kila ukinisaidia laki nne yangu inapungua. Nilianza na 61,300, sasa niko 18,340. Tafadhali ishia hapo.

MzeeWaKimara
Nimesoma yote. Bado sijajibiwa la kuku.

DadaWaHesabu
Shikamoo mzee wangu, nisamehe. Lako ni tofauti kabisa na haya. Status ya WhatsApp haina kaunta ya sekunde ya kugombania, inahesabu watu. Mtu akiifungua jina lake linaingia kwenye orodha mara moja, akirudia mara kumi bado ni jina moja. Wateja wanaosema wameona na hawaonekani, wamezima zile alama za kuonyesha kuwa umesoma ujumbe, zile tiki za bluu. Akizima yeye, humwoni. Na ukizizima wewe, huoni yeyote. Hao 84 ni watu 84 kweli, na walioona ni zaidi ya hapo.

MzeeWaKimara
Marahaba mwanangu. Basi kuku wangu wanaonekana kuliko mapazia ya huyo kijana.

Mbagala_RangiTatu
Mzee kamaliza uzi.

Fundi_Klipu
Mrejesho, wakuu. Nimetoka dukani muda huu. Nilimwambia bosi la bango la Morocco, akacheka. Mpwa wake naye akaleta la tarehe ya kusaini, kumbe anausoma huu uzi. Tumevutana kama saa nzima, chai imeletwa mara mbili. Mwisho bosi kasema Engaged views zimevuka nusu ya 50,000, basi analipa nusu na kitu, laki mbili na nusu. Nimezipokea. Laki moja na nusu nimemwambia bado namdai, yeye anasema hadaiwi.

Klipu ya pili anataka, ya mashuka. Mpwa ameandika karatasi mpya: `Engaged views` 30,000, zisomwe kwenye `Advanced mode` siku ya 30 saa 6 mchana, na wote wawili tuwepo kwenye kompyuta. Nimemwambia sisaini hadi aongeze mstari mmoja, kwamba YouTube wakibadilisha tena maana ya neno katikati, tunatumia maana ya siku ya kusaini. Kagoma, anasema je wakiifuta kabisa hiyo hesabu ya zamani tutaisoma wapi? Hapo na mimi nimekosa jibu. Dada?

DadaWaHesabu
Hapo kijana amekushika. Wakiifuta haitasomeka popote. Mwambieni apakue takwimu kila Jumatatu aziweke, angalau mtakuwa na za hadi wiki ya mwisho. Na mimi narudia, huyo mpwa namtafutia kazi.

Mbagala_RangiTatu
Andikeni sekunde 30 tu mpumzike.